Uniti 52 za Maziwa ya Ngamia

Mkamuaji wa ngamia hufanya kazi yake akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Mguu wa pili ameukunja, wayo umekaa juu ya goti, na chombo cha maziwa kimetulia juu ya paja. Ndama huachwa anyonye kwanza, maana bila ndama mama yake hateremshi maziwa. Yakishashuka, muda ni mfupi, kama dakika moja na nusu hivi, kisha mnyama anayabana tena. Ndiyo maana mara nyingi utaona watu wawili, mmoja kila upande, wakikamua mbiombio huku ndama akisukumwa pembeni na vumbi la boma likielea juu ya povu.

Katika kaunti ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya, maziwa hayo humiminwa kwenye madumu ya plastiki yaliyofukizwa moshi, yakapakiwa kwenye pikipiki au gari, yakafikishwa mjini kwa akina mama wanaoyakusanya. Wengi wao ni Wasomali, na chama chao kinachojulikana zaidi ni cha Anolei. Hapo huonjwa, hunuswa, huchanganywa, kisha hupandishwa basi kwenda Eastleigh, Nairobi, safari ya karibu kilomita 280. Huko huuzwa kwenye chupa na vikombe, mara nyingi yakiwa mabichi.

Zamani mnunuzi wa Eastleigh alikuwa mtu aliyelelewa na maziwa hayo, anayeyataka kwa sababu ndiyo ladha ya kwao. Siku hizi kuna mnunuzi wa pili. Ni mtu wa Kiambu au Machakos ambaye hajawahi kumgusa ngamia, ila ameambiwa hospitalini kwamba ana sukari, na jirani akamwambia kwamba maziwa ya ngamia yana insulini. Mwingine ni mama mwenye mtoto anayevimba midomo kila akinywa maziwa ya ng'ombe. Wote wawili wameelezwa jambo moja zaidi, kwamba yakichemshwa dawa inakufa, kwa hiyo wanayataka mabichi.

Madai hayo matatu husafiri pamoja, lakini uzito wake haulingani. La kwanza limesimama juu ya hesabu iliyokosewa, la pili lina ukweli mwingi kiasi, na la tatu ndilo linalolaza watu hospitalini.

Tuanze na hesabu. Dai la kisukari limejengwa juu ya namba moja, 52. Mara nyingi inaandikwa hivi: lita moja ya maziwa ya ngamia ina uniti 52 za insulini. Kwa mgonjwa anayejidunga uniti 40 kwa siku, sentensi hiyo ni habari njema kuliko zote alizowahi kusikia. Atupe sindano, anywe lita moja kila siku, na ziada itabaki.

Namba yenyewe haikutungwa. Insulini imo kweli katika maziwa ya ngamia, kama ilivyomo katika maziwa ya wanyama wengine na ya binadamu. Watafiti wa maabara ya mifugo ya Dubai walipoipima mwaka 2006 walipata kama 40, na wengine wamepata 52. Kosa liko kwenye kipimo. Zile 40 au 52 ni mikrouniti katika kila mililita, na mikrouniti ni sehemu moja ya milioni ya uniti. Mahali fulani njiani mtu aliidondosha ile "mikro", akaibadilisha mililita kuwa lita, na wengine wakanakili bila kupiga hesabu upya.

Tuipige hapa. Lita moja ina mililita 1,000. Mikrouniti 52 mara 1,000 ni mikrouniti 52,000. Gawanya kwa milioni moja ili upate uniti zile zinazosomwa kwenye bomba la sindano, na jibu ni 0.052. Lita nzima ya maziwa ina insulini inayozidi kidogo tu sehemu moja ya ishirini ya uniti moja. Ukikusanya insulini yote ya lita kumi, utafikia nusu uniti, nusu ya mstari mmoja mwembamba kwenye bomba la kawaida. Mgonjwa wa uniti 40 angehitaji karibu lita 770 kwa siku. Tukikadiria ngamia mmoja anatoa lita tano, hilo ni kundi la ngamia zaidi ya 150, na maziwa yao yote yanywewe na mtu mmoja kabla ya kulala.

Na hapo tumechukulia kwamba insulini inafika kwenye damu. Haifiki kirahisi. Insulini ni protini, na tumbo huikata protini vipandevipande, iwe ya nyama, ya yai au ya homoni. Hiyo ndiyo sababu tangu mgonjwa wa kwanza adungwe insulini mjini Toronto mwaka 1922, watu bado wanatumia sindano. Vidonge vya kumeza vimejaribiwa mara nyingi, na kikwazo kimekuwa hichohicho. Wanaoyatetea maziwa hujibu kwamba maziwa ya ngamia hayagandi tumboni kwa ugumu kama ya ng'ombe, kwa hiyo hupita haraka na insulini yake husalimika. Ni kweli kwamba hutengeneza mgando laini. Lakini hata kama yote ingesalimika, isipungue hata tone, bado tungekuwa na 0.052.

Basi mbona kuna wagonjwa waliopunguziwa dozi? Hapa inabidi twende Bikaner, mji wa jangwani katika jimbo la Rajasthani, India. Katika hospitali ya PBM ya mji huo, timu ya daktari Agrawal iliwapa wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza nusu lita ya maziwa ya ngamia kila siku, huku wenzao wakiendelea na matibabu ya kawaida bila maziwa hayo. Katika jaribio la miezi mitatu lililochapishwa 2003, dozi ya insulini ya wanywaji ilishuka kutoka wastani wa uniti 41 hadi 30 kwa siku. Jaribio jingine, la miaka miwili, lilichapishwa 2011. Safari hii dozi ilishuka kutoka kama uniti 32 hadi 17, na wagonjwa watatu kati ya kumi na wawili wakaacha kuhitaji sindano.

Matokeo kama hayo si ya kudharauliwa. Lakini yasomwe kwa makini. Kumi na wawili ndilo kundi zima la wanywaji, idadi inayoenea kwenye matatu moja. Kila mgonjwa alijua anakunywa nini, na daktari naye alijua, kwani maziwa ya ngamia yana ladha ya chumvichumvi isiyofichika. Tena kisukari cha aina ya kwanza kina tabia inayowahadaa wengi: mwanzoni mwa ugonjwa, baada ya insulini kuanza kutumika, kongosho hupata nafuu ya muda, dozi ikashuka, hata ikafika sifuri kwa miezi kadhaa, kisha sukari ikarudi. Madaktari huiita fungate. Hutokea bila ngamia yeyote. Katika kundi dogo namna hii, wagonjwa wawili watatu walio kwenye fungate wanaweza kuubadilisha wastani wote.

Watafiti haohao wa Bikaner walichapisha mwaka 2007 uchunguzi mwingine ambao hunukuliwa sana, wa jamii ya Raika, wafugaji wa ngamia wa Rajasthani. Miongoni mwa Raika wanaokunywa maziwa ya ngamia hawakumpata hata mgonjwa mmoja wa kisukari, wakati kwa majirani wasio Raika na wasioyanywa ilikuwa asilimia 5.5. Wauzaji huishia hapo. Wangesoma mstari unaofuata wangekuta kwamba Raika wasiokunywa maziwa ya ngamia nao walikuwa na kisukari chini ya asilimia moja. Watu hawa hutembea na mifugo tangu alfajiri hadi jioni. Ukiondoa maziwa kwenye maisha yao, kinga karibu yote inabaki palepale, na mtu anayeishi ghorofa ya nne mjini hawezi kuinunua kwa chupa.

Kwa kisukari cha aina ya pili, kile cha watu wazima walio wengi, matokeo hayakai upande mmoja. Nchini Irani, wagonjwa 20 waligawanywa, wengine wakapewa nusu lita ya maziwa ya ngamia kwa siku na wengine ya ng'ombe, kwa miezi miwili. Matokeo yalitoka 2015. Sukari ya asubuhi kabla ya kula haikutofautiana kwa kiasi cha kutajwa. Majaribio mengine yameonyesha nafuu kidogo. Huenda kuna kitu ndani ya maziwa haya, labda vipande vya protini vinavyobaki baada ya kusagwa tumboni, kinachousaidia mwili kuitumia insulini yake wenyewe. Swali hilo linastahili utafiti mkubwa zaidi. Kwa sasa, mwenye kuuza maziwa haya kama dawa ya sukari anauza kitu ambacho hakijathibitishwa.

Kuna na jambo dogo la jikoni. Maziwa ya ngamia yana sukari yake ya asili, laktosi, kama gramu 22 katika nusu lita. Haipandishi sukari ya damu kwa kasi ya soda, lakini ni wanga na inahesabiwa. Mtu aliyekuwa akinywa vikombe vitatu vya chai yenye vijiko vitatu vya sukari, akaacha na kushika glasi moja ya maziwa, ataona kipimo chake kimeshuka. Sifa ataipa glasi. Yule aliyeongeza glasi juu ya chai ileile hataona kitu, au ataona kimepanda.

Hatari halisi katika dai hili ni sindano inayoachwa. Mgonjwa wa aina ya kwanza akisimamisha insulini, mwili huanza kuchoma mafuta na damu hujaa asidi, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Dalili ni kiu isiyokatika, kukojoa mfululizo, kutapika, maumivu ya tumbo, kuhema kwa nguvu na pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno. Hiyo si hali ya kusubiri kukuche. Apelekwe hospitali hapohapo.

Dai la mzio lina miguu imara zaidi, na sababu yake inaeleweka. Katika maziwa ya ng'ombe kuna protini iitwayo beta-laktoglobulini, mojawapo ya zile zinazowasumbua sana watoto wenye mzio. Ngamia hana protini hiyo, kama vile maziwa ya mama hayana. Kasini zake, yaani protini zinazofanya mgando, nazo zimejengwa tofauti na za ng'ombe kiasi kwamba kinga ya mtoto iliyojifunza kumpiga vita ng'ombe mara nyingi haimtambui ngamia. Mbuzi hana bahati hiyo. Watu wengi hukimbilia maziwa ya mbuzi mtoto akikataa ya ng'ombe, wasijue kwamba protini za mbuzi na ng'ombe ni kama mtu na nduguye.

Nchini Katari, watafiti waliwapima kwenye ngozi watoto 38 waliothibitika kuwa na mzio wa maziwa ya ng'ombe, na matokeo yakachapishwa 2011. Watoto 24 walionyesha dalili za kuyakataa hata ya mbuzi. Kwa maziwa ya ngamia walikuwa saba tu. Hiyo ni tofauti kubwa, na ndiyo inayowafanya madaktari wengine wa Ghuba wayafikirie maziwa ya ngamia kama njia mbadala.

Lakini waangalie wale saba. Ni karibu mtoto mmoja kati ya watano. Kwa mtoto ambaye mzio wake ni upele wa mkono, kubahatisha ni usumbufu. Kwa yule anayevimba koo na kukosa pumzi, kubahatisha nyumbani ni hatari, hata kwa kijiko kimoja. Jaribio la kwanza lifanyike kliniki, mbele ya daktari mwenye dawa ya kuzuia mshtuko. Na wapo watoto, ingawa ni wachache, wenye mzio wa maziwa ya ngamia yenyewe.

Wengine wanaodhani wana mzio hawana mzio kabisa. Mtu mzima anayejaa gesi na kuharisha saa moja au mbili baada ya kunywa maziwa kwa kawaida ana upungufu wa kimeng'enya cha kusaga laktosi. Huyo hapigani na protini, anashindwa na sukari ya maziwa, na sukari hiyo imo kwa ngamia karibu sawa na kwa ng'ombe. Baadhi husema ya ngamia huwakalia vizuri zaidi tumboni, na huenda ni kweli kwao, ila asitarajie muujiza.

Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja jibu ni fupi. Maziwa ya ngamia, kama ya ng'ombe au ya mbuzi, hayawezi kushika nafasi ya maziwa ya mama wala ya kopo lililotengenezwa kwa ajili ya wachanga. Protini na madini yake ni mengi mno kwa figo changa, na mtoto hapati virutubishi vyote anavyohitaji. Mwenye mzio mkali wa umri huo ana maziwa maalumu ya hospitali. Ni ghali, na hilo ni tatizo la kweli, lakini chupa ya Eastleigh hailitatui.

Sasa turudi kwenye dumu.

Ugonjwa unaoongoza katika maziwa mabichi ya ngamia ni ule ambao wafugaji na wahudumu wa afya wa Kenya huuita brusela. Bakteria wake hukaa kwenye kiwele na kwenye mji wa mimba. Ngamia jike anaweza kutupa mimba mara moja, kisha akaonekana mzima wa afya, mnono, huku akitoa bakteria hao kwenye maziwa kwa muda mrefu. Maziwa yake hayabadiliki rangi, hayanuki, hayagandi vibaya. Mama wa Isiolo anayeonja na kunusa anaweza kuyatambua yaliyochacha au yaliyotiwa maji, na kwa hilo ni hodari, lakini ulimi hauna uwezo wa kuigundua brusela. Kisha maziwa ya mnyama huyo mmoja yanamiminwa pamoja na ya wengine thelathini. Mnywaji wa Nairobi hanywi maziwa ya ngamia mmoja, anakunywa ya boma zima, na mara nyingi ya maboma kadhaa.

Vipi moshi? Kufukiza chombo kwa vijiti vya miti maalumu ni ufundi wa zamani na una faida. Hupunguza vijidudu kwenye kuta za chombo, huyapa maziwa harufu inayopendwa na kuyafanya yakawie kuchacha. Lakini moshi husafisha chombo, hausafishi maziwa yaliyokwisha kuchafuka ndani ya kiwele. Sifa nyingine ya maziwa ya ngamia, kwamba hudumu muda mrefu kuliko ya ng'ombe kwenye joto, nayo huwapoteza watu. Yana protini za kinga zinazochelewesha kuchacha. Kuchelewa kuchacha na kuwa salama ni mambo mawili tofauti. Hata susa, maziwa ya ngamia yaliyoachwa yachachuke siku moja au mbili, hayana hakika, maana brusela huweza kuvumilia ukali wa kuchachuka kwa siku kadhaa.

Israeli ilipata funzo lake mwaka 2016. Maziwa ya ngamia yasiyopashwa moto yalikuwa yakiuzwa kibiashara, na watu wakaanza kuugua brusela sehemu mbalimbali za nchi. Wataalamu walilinganisha vinasaba vya bakteria waliotoka kwa wagonjwa na wale waliokuwa kwenye maziwa, wakakuta ni ukoo mmoja. Katika nchi za Ghuba pia kumekuwa na milipuko ya familia nzima kuugua baada ya kunywa kutoka kundi moja la ngamia.

Brusela haiui wengi, lakini huchosha. Huanza wiki moja hadi nne baada ya kunywa, wakati mwingine baada ya miezi, na mtu ameshasahau kikombe chenyewe. Homa hupanda jioni na kushuka asubuhi. Usiku shuka linalowa jasho. Kiuno na magoti huuma kama ya mzee, hamu ya chakula hupotea, na wanaume wengine huvimba korodani. Kwa mjamzito inaweza kuharibu mimba. Huku kwetu homa ya namna hiyo hupewa jina la malaria, isipopona ikaitwa taifodi, na mgonjwa akamaliza dozi mbili tatu kabla ya mtu yeyote kumuuliza alikunywa nini. Tiba ipo: mchanganyiko wa antibiotiki mbili, kwa kawaida kwa wiki sita. Wengi huacha wiki ya pili wakishapata nafuu, na ugonjwa unarudi ukiwa umejikita kwenye uti wa mgongo.

Juu ya hayo kuna kirusi cha MERS, kilichotambuliwa Saudi Arabia mwaka 2012. Ngamia hubeba kirusi hicho wakiwa na mafua tu au bila dalili yoyote, na kingamwili zake zimekutwa pia kwa ngamia wa Kenya katika sampuli za tangu 1992. Kati ya wagonjwa walioripotiwa duniani, zaidi ya 2,600, karibu 35 katika kila mia walifariki. Wengi waliugua Saudi Arabia, na walioambukizwa na wanyama huhusishwa zaidi na kumkaribia ngamia kuliko na kunywa. Hata hivyo kirusi kinaweza kukaa hai kwenye maziwa mabichi yaliyo baridi kwa siku kadhaa, na joto la nyuzi 63 kwa nusu saa linakimaliza. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani limetoa tahadhari, na limewataja kwa majina ya maradhi yao watu ambao hawapaswi kabisa kunywa maziwa mabichi ya ngamia: wenye figo zilizochoka, wenye magonjwa sugu ya mapafu, wenye kinga dhaifu, na wenye kisukari.

Wenye kisukari. Yule mteja anayeulizia yaliyo mabichi kwa ajili ya sukari yake ndiye hasa aliyeonywa asiyaguse. Sukari iliyozidi kwenye damu hudhoofisha askari wa mwili, na maambukizi yoyote ya homa huipandisha sukari hiyo zaidi. Anaweza kuingia dukani akitafuta nafuu na kutoka na ugonjwa wa pili utakaoukoroga ule wa kwanza.

Je, kuchemsha kunaua dawa? Kwa kisukari, tumeshaona kwamba insulini inayoogopewa kufa ni 0.052 ya uniti kwa lita, na tumbo lingeisaga hata hivyo. Kwa mzio, beta-laktoglobulini haimo kabla ya kuchemsha wala baada yake. Kinachopungua kweli ni sehemu ya vitamini C, ambayo maziwa haya yanayo kuliko ya ng'ombe, pamoja na baadhi ya zile protini za kinga. Kalsiamu, mafuta na protini za lishe hubaki. Anayelia na vitamini C ale chungwa au pera.

Viwandani maziwa hupashwa moto hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa nusu saa. Hapo kuna mtego ambao wakaguzi wanaujua na wateja hawaujui. Kwa maziwa ya ng'ombe, maabara hupima kimeng'enya fulani kinachokufa kwenye joto hilo: kikikutwa hai, maziwa hayakupashwa vya kutosha. Cha ngamia ni kigumu zaidi, hubaki hai hata baada ya maziwa kupashwa sawasawa. Kwa hiyo kipimo cha ng'ombe hakifai kwa ngamia, na kiwanda makini hulazimika kutumia alama nyingine.

Nyumbani hakuna haja ya kipimajoto. Mimina kwenye sufuria safi, koroga, ngoja yapande na kutokota, yaache yatokote dakika moja au mbili, kisha yaipue na kuyapooza upesi kwa kuiweka sufuria ndani ya maji baridi. Yasirudishwe kwenye lile dumu au chupa yaliyotokea, maana humo ndimo wadudu walimobaki. Chupa mpya au iliyooshwa kwa maji ya moto, halafu friji. Anayependa susa ayachemshe kwanza, ayapooze hadi uvuguvugu, ndipo atie kijiko cha maziwa lala yaliyotokana na maziwa yaliyochemshwa.

Wauzaji wa Isiolo na Eastleigh hawapotezi kitu kwa kuchemsha, na baadhi wameshaanza, hasa siku ambazo usafiri umekwama na maziwa yangechacha. Maziwa yenyewe ni chakula kizuri, yamewalea watu wa kaskazini katika miaka ambayo ng'ombe wote walikufa kwa ukame. Yana soko la kutosha bila kuongezewa uniti 52 zisizokuwapo.

Na wewe uliyekwisha kuyanywa mabichi, ukipata homa isiyoeleweka ndani ya miezi michache ijayo, usimngoje daktari akuulize. Mwambie mwenyewe, mapema, kabla hajaandika malaria: nilikunywa maziwa mabichi ya ngamia.